Posologia na controindicazioni: kumwandikia mama karatasi ya dawa kwa Kiswahili

*"Niko Padova, Italia. Mama mkwe amekuja kututembelea kutoka Tanga, kifua kimembana na daktari kamwandikia dawa mbili: amoxicillina na acido clavulanico 875/125, na paracetamolo 1000. Kiitaliano hajui, na mchana anabaki nyumbani peke yake, kwa hiyo nataka nimwandikie maelezo kwa Kiswahili. Posologia niandike kipimo? Na controindicazioni ndiyo madhara?"*
Msomaji, Padova

Dada yangu, tuanze na hilo la pili kwa sababu ndilo lenye hatari zaidi. Controindicazioni si madhara. Ni orodha ya watu ambao hawatakiwi kuimeza dawa hiyo kabisa. Madhara yana kichwa chake, effetti indesiderati, na yanamhusu mtu ambaye tayari ameshameza. Ukiweka neno "madhara" juu ya orodha ya kwanza, mama atasoma "madhara: mzio wa pensilini" na kuelewa kwamba dawa inaweza kumletea mzio kidogo, basi avumilie. Kumbe karatasi inasema mwenye mzio wa pensilini asimeze hata kidonge kimoja.

Karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi inaitwa foglio illustrativo, na mtaani utasikia wakiiita bugiardino. Siku hizi karatasi hizi hufuata mpangilio mmoja wa Umoja wa Ulaya wenye sehemu 6, na ndani yake huenda usilikute hata neno posologia. Utakuta sehemu ya 3 imeandikwa "Come prendere", yaani jinsi ya kutumia, ukifuatiwa na jina la dawa. Posologia yenyewe hubaki kwenye karatasi za mtindo wa zamani na kwenye maelezo marefu ya madaktari, yale yanayofupishwa RCP. Vyote viwili, karatasi ya mgonjwa na RCP, unavipata bure kwenye tovuti ya wakala wa dawa wa Italia, medicinali.aifa.gov.it, ukiandika jina la dawa. Nakushauri ufungue RCP pale karatasi ya mgonjwa inapokuwa na sentensi isiyoeleweka, kwa sababu mara nyingi RCP husema jambo lilelile kwa usahihi zaidi.

Sehemu ya 2 ndiyo wafasiri wengi wanapoivuruga, maana imebeba ngazi mbili ambazo kwa haraka zinafanana. Ngazi ya kwanza huanza na "Non prenda", na hayo ndiyo controindicazioni. Iandike hivi: "Usimeze dawa hii kama..." Ngazi ya pili huitwa "Avvertenze e precauzioni", na maneno yake ni "si rivolga al medico o al farmacista prima di prendere". Hapo mgonjwa hakatazwi, anatakiwa aseme kwanza. Iandike: "Kabla ya kumeza, mwambie daktari au mfamasia kama..." Ukizichanganya, mambo mawili hutokea. Ama mtu mwenye tatizo la figo anaogopa na kuacha dawa ambayo angepunguziwa tu kiasi, ama mwenye mzio anadhani ni tahadhari ya kawaida na kuimeza.

Sasa chukua hiyo amoxicillina na acido clavulanico. Katazo lake la kwanza ni kwa mwenye allergia kwa amoksilini, asidi klavulaniki, jamii ya pensilini au kitu kingine chochote kilichomo kwenye kidonge. Hapa tafsiri sahihi peke yake haitoshi. Ukimuuliza mzee wa kwetu "una mzio wa pensilini?" atasema hapana, kwa sababu pengine hakuna aliyewahi kumtajia neno hilo. Muulize yaliyompata: "Mama, umewahi kuvimba uso au midomo, kutokwa na vipele vinavyowasha mwili mzima, au kubanwa pumzi baada ya kumeza dawa au kuchomwa sindano?" Akisema ndiyo, aliwahi kuvimba baada ya sindano za pensilini miaka hiyo, boksi lisifunguliwe hadi umempigia daktari. Na mwambie waziwazi kwamba amoksilini anayoijua kutoka nyumbani ni ndugu wa pensilini na ndiyo imo humu ndani. Mtu anaweza kuogopa pensilini maisha yake yote na bado akameza amoksilini bila wasiwasi, kwa kuwa majina hayafanani.

Katazo jingine lina neno "ittero". Karatasi inasema asimeze mtu ambaye aliwahi kupata matatizo ya ini au ittero wakati anatumia antibaiotiki. Usiandike "homa ya manjano". Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa, ule unaoenezwa na mbu na wenye chanjo inayoandikwa kwenye kitabu cha njano cha wasafiri. Mama akisoma hivyo atafikiria chanjo yake na kusema hana shida. Andika: "macho au ngozi kugeuka njano". Halafu usiangushe kipande cha mwisho cha sentensi, "wakati unatumia antibaiotiki", kwa sababu ndicho kinachotenganisha katazo na tahadhari. Kama macho yaligeuka njano utotoni kwa ugonjwa mwingine wa ini, hilo ni jambo la kumwambia daktari. Kama yaligeuka njano akiwa anameza dawa ya namna hii, haimezwi.

Kwenye tahadhari, maneno utakayokutana nayo sana ni "insufficienza renale" na "insufficienza epatica". Nimeyaona yakiandikwa "upungufu wa figo", na msomaji akaelewa kwamba mtu ana figo moja. Sema "figo zisizofanya kazi vizuri" na "ini lisilofanya kazi vizuri". Pia muulize kama anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maana antibaiotiki hii inaweza kuzidisha nguvu yake.

Tuje kwenye posologia. Neno hili limebeba mambo manne kwa pamoja: kiasi gani kwa mara moja, mara ngapi kwa siku, kwa kupishana muda gani, na kwa siku ngapi. "Kipimo" hakiwezi kubeba yote hayo, na kwa mgonjwa aliyezoea hospitali zetu kipimo ni cha maabara: damu, mkojo, presha. Akiona "kipimo: 1" atauliza anapimwa nini. Kichwa kinachoeleweka ni "Jinsi ya kumeza", kisha chini yake uandike mambo hayo manne, kila moja kwa sentensi yake.

Neno linalonipa wasiwasi zaidi ni "dose", kwa sababu linafanana mno na dozi yetu. Kwa Kiitaliano, dose ni kile kiasi cha kumeza mara moja. Kwetu, tunaposema "maliza dozi" tunamaanisha dawa zote hadi siku ya mwisho. Sasa soma sentensi iliyomo karibu katika kila karatasi: "Non prenda una dose doppia per compensare la dimenticanza della dose." Ukiandika "usimeze dozi mbili kufidia dozi uliyosahau", mtu ataelewa kwamba asinunue boksi la pili. Iandike: "Ukisahau kumeza kidonge, usimeze viwili kwa pamoja kufidia." Kwa antibaiotiki hii karatasi huongeza kwamba ukikumbuka umeze, ila kinachofuata usikiwahi mno, usubiri kama saa 4. Neno dozi liache kwa ajili ya sentensi nyingine, ile ya kuendelea na dawa hadi matibabu yaishe hata kama unajisikia nafuu. Hapo "maliza dozi yote" ndiyo Kiswahili chenyewe, na kila mtu anakielewa.

Angalia sasa karatasi ya daktari, maana hiyo ndiyo yenye amri. Maelezo ya ndani ya boksi ni ya watu wote. Mara nyingi utakuta kitu kama hiki: "1 cpr x 2/die per 6 gg". Cpr ni compressa, kidonge. Die ni Kilatini, maana yake kwa siku. Gg ni giorni, siku. Kwa hiyo ni kidonge 1, mara 2 kwa siku, kwa siku 6, jumla vidonge 12. Fanya hesabu hiyo kila mara na ulinganishe na idadi iliyoandikwa juu ya boksi. Vikikosekana au kubaki vingi, ama boksi haliendani na maagizo, ama umesoma vibaya, na ni bora uulize siku ya kwanza kuliko siku ya tano.

Kisha kuna saa. Mtu wa Padova akisema "alle 8 e alle 20", mama yako anaishi saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Kutoka saa ya ukutani ya Kiitaliano unatoa 6 mchana kutwa, na saa za usiku kama 20 na 22 zinakuwa saa mbili na saa nne. Hilo unalijua. Linaloponyoka ni "ogni 8 ore". Ukiandika "meza kila saa nane", mama anaweza kumeza kidonge kimoja tu kila siku saa nane mchana, na atakuwa ametii ulichoandika. Sema "kila baada ya kupita saa 8", halafu taja na saa zenyewe. Kwa mara mbili kwa siku mpe saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, ambazo zinaangukia vizuri kwenye chakula. Antibaiotiki hii humezwa mwanzoni mwa mlo au muda mfupi kabla, ili isisumbue tumbo. Sisi tumezoea kuandika "baada ya kula", lakini hapa andika "unapoanza kula", na umfafanulie kwamba kikombe cha chai ya rangi si mlo.

Paracetamolo ndiyo inayonitia hofu kuliko antibaiotiki, kwa sababu mama anaijua, na mazoea ndiyo yatakayomponza. Nyumbani Panadol ni kidonge cha miligramu 500, na kwenye bahasha ya duka la dawa wanaandika 2 x 3: viwili asubuhi, viwili mchana, viwili usiku. Hiyo ni miligramu 3000 kwa siku. Hivyo ulivyopewa Padova ni vya 1000. Akivimeza kwa mkono uleule wa mbili mara tatu, anafikisha 6000, na kwa mtu mzima hicho ni kiasi kinachoweza kuumiza ini. Wakati mwingine utaona imeandikwa 1.000 mg, na ile nukta ya Kiitaliano hutenga maelfu, si desimali. Desimali wao huiandika kwa mkato: 2,5 ml ya dawa ya maji ni mbili na nusu. Kwenye karatasi yako andika kwa maneno, "elfu moja" na "mbili na nusu", usiiachie nukta kazi hiyo.

Maelezo ya kawaida ya kidonge cha 1000 husomeka hivi: "1 compressa alla volta, da ripetere se necessario dopo 8 ore, senza superare 3 somministrazioni al giorno." Wengi huiandika "kidonge kimoja kila baada ya saa 8, mara tatu kwa siku". Hiyo imegeuza ruhusa kuwa amri. "Se necessario" maana yake ikihitajika tu. Saa 8 ni muda mfupi kabisa unaoruhusiwa kati ya kidonge na kidonge, na 3 ni mwisho usiovukwa. Mtu ambaye homa imeshuka na maumivu yametulia hana sababu ya kumeza cha pili. Na "al giorno" ni saa 24, usiku na mchana. Kwetu usiku unaweza kuhesabiwa ni wa siku inayofuata, kwa hiyo andika "kwa usiku na mchana mmoja".

Halafu fungua begi la mama. Akiwa amebeba Panadol kutoka nyumbani, mwonyeshe kwamba paracetamolo ya Italia na Panadol yake ni dawa moja yenye majina mawili. Vilevile pakiti za unga wa mafua zinazouzwa farmacia za huko, zile za kuyeyusha kwenye maji ya moto, nyingi zina paracetamolo ndani. Ndiyo maana karatasi husema uangalie dawa nyingine isiwe na "lo stesso principio attivo". Principio attivo ni kiini cha dawa, kile kinachofanya kazi, tofauti na jina la kampuni lililoandikwa kwa herufi kubwa. Mwonyeshe kwa kidole mahali neno paracetamolo lilipoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina, ili alitambue kwenye boksi lolote.

Ikitokea amemeza vingi, usisubiri dalili. Paracetamolo iliyozidi inaweza kumwacha mtu akijisikia vizuri tu siku ya kwanza huku ini likiharibika, na dawa ya kuokoa ini hufanya kazi vizuri zaidi ikiwahiwa. Mpeleke Pronto Soccorso, yaani chumba cha dharura, pamoja na boksi, au piga 112. Kichwa kinachohusu jambo hili ni "sovradosaggio", au siku hizi "Se prende più ... di quanto deve". Kiswahili chake: "Ukimeza zaidi ya inavyotakiwa".

Nimalizie na effetti indesiderati yenyewe, maana ina mtego wa mwisho. Madhara hupangwa kwa maneno molto comune, comune, non comune, raro. Haya yanasema ni watu wangapi hupatwa, hayasemi ubaya wa tatizo. "Comune" ukiiandika "ya kawaida", kwa Kiswahili umesema hayana neno, yatapita. "Non comune" ukiiandika "yasiyo ya kawaida", umesema ni ya ajabu na ya kutisha. Andika hesabu: molto comune ni zaidi ya mtu 1 kati ya 10, comune ni hadi mtu 1 kati ya 10, non comune ni hadi 1 kati ya 100, raro ni hadi 1 kati ya 1,000. Kwa antibaiotiki hii, kuharisha kwa watu wazima kumo kwenye kundi la molto comune. Upele na kuwashwa ngozi vimo kwenye non comune, lakini upele ndio wa kukushtua zaidi, kwa sababu unaweza kuwa mwanzo wa mzio. Kwa hiyo usimnakilie mama orodha nzima. Mpe mambo mawili: yale ya kukwambia ukirudi kutoka kazini, kama kuharisha kidogo, kichefuchefu, utando mweupe mdomoni, na yale ya kuacha dawa na kukupigia simu papo hapo.

Karatasi ya mama, kwa jinsi nilivyoelewa dawa zake, ingekuwa hivi. Badilisha idadi za antibaiotiki kama daktari kaandika tofauti na mfano wangu:

> Boksi la kwanza: antibaiotiki (ina amoksilini, jamii ya pensilini).
> Meza kidonge 1 saa mbili asubuhi unapoanza kula, na kidonge 1 saa mbili usiku unapoanza kula. Fanya hivyo siku 6, hadi vidonge vyote 12 viishe, hata kama umepata nafuu. Ukisahau kimoja, usimeze viwili kwa pamoja.
>
> Boksi la pili: paracetamolo (ndiyo Panadol, lakini hii ni kali mara mbili: kidonge 1 cha hapa ni sawa na 2 vya nyumbani).
> Meza kidonge 1 tu, na ni pale unapokuwa na homa au maumivu. Yakirudi, unaweza kumeza kingine baada ya kupita saa 8, si kabla. Usizidishe vidonge 3 kwa usiku na mchana mmoja. Usimeze na Panadol wala dawa nyingine ya mafua.
>
> Acha dawa na unipigie mara moja: ukitoka vipele, ukivimba uso, midomo au koo, macho yakiwa ya njano, au ukiharisha sana au kuona damu. Pumzi ikibana, piga 112 kwanza.

Kabla hujambandikia, mwambie akusomee kwa sauti, kisha akueleze kwa maneno yake mwenyewe atameza nini kesho saa mbili asubuhi, na atafanya nini maumivu yakimrudia mchana. Usimuulize "umeelewa?", kwa sababu atajibu ndiyo kwa heshima. Akisema mchana atameza viwili, karatasi ndiyo yenye kasoro, iandike upya. Na yale maswali ya mzio, ini, figo na dawa nyingine muulize leo, kabla ya kidonge cha kwanza. Kukiwa na "ndiyo" yoyote, nenda farmacia na boksi mkononi uulize: "Mia suocera può prenderlo?" Yaani, mama mkwe wangu anaweza kuitumia? Mfamasia atakujibu palepale, au atakwambia umrudie daktari.